Picha ya foleni haioneshi walio chini ya mwarobaini

Nimeishi Copenhagen miaka kadhaa, na sikubali watu wa huku wanaposema kwamba nyumbani hatujui kupanga foleni. Tunajua. Ila foleni ya Dodoma nusu yake iko kwenye vichwa vya watu, na kamera haiwezi kuipiga picha.

Huku ukiingia duka la dawa unachukua karatasi yenye namba. Kioo ukutani kinaonesha namba inayohudumiwa, kwa hiyo kinachobaki ni kutoa na kuzidisha. Mji huuhuu ndiko Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu wa kampuni ya simu, alikochapisha mwaka 1909 kazi iliyofungua elimu ya foleni. Lakini hesabu ya msingi haihitaji mtaalamu: idadi ya walio mbele yako, mara dakika anazotumia mtu mmoja dirishani. Yakiwa madirisha mawili yanayokwenda sawa, gawa kwa mbili.

Jumanne moja mdogo wangu, anayeuza mboga soko la Majengo, alikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya mjini. Saa 3:10 asubuhi akanitumia picha. “Kaka, nisubiri au nirudi kwenye biashara yangu?”

Nikahesabu vichwa mbele yake: 23. Kuhesabu miguu hukosesha, maana wa nyuma wanafunikwa. Nikamuuliza nani kamsindikiza nani. Wanne walikuwa wasindikizaji, wakabaki 19. Kisha nikamuuliza kuhusu mwarobaini ulio pembeni, ambao kwenye picha unaonekana kivuli chake tu. Akazunguka kuuliza. Watu 11 walikuwa wamekaa pale, kila mmoja ameshamwambia mwenzake “mimi niko nyuma yako”. Jumla ikawa watu 30 mbele yake, na dirisha moja tu lilikuwa wazi.

Nikamwomba achague mtu mmoja wa kumwangalia. Akamchagua mzee wa kofia nyekundu, aliyekuwa na watu 14 waliosimama mbele yake. Akawa anahesabu pia kila anayeondoka dirishani akiwa amemaliza shida yake. Saa 3:30 akatuma picha ya pili. Waliohudumiwa ni 8, yaani dakika mbili na nusu kila mmoja. Kwa watu 30 hiyo ni saa moja na robo.

Lakini mzee wa kofia alikuwa bado na watu 9 mbele yake. Kama waliondoka 8, wangebaki 6. Watatu wametoka wapi?

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwaita wote watatu wavamizi. Mdogo wangu aliwaona: wawili walitoka mwarobainini wakarudi kwenye nafasi zao, na hao nilishawahesabu. Mmoja tu ndiye aliyepenya. Kwa hiyo katika dakika 20 foleni ilisogea watu 7: 8 waliohudumiwa, toa mmoja aliyeingilia. Ningewahesabu wale wawili mara ya pili, ningemwambia asubiri saa mbili, naye angeondoka.

Kwa mwendo wa watu 7 kila dakika 20, watu 30 wanachukua takriban dakika 86. Angefika dirishani kama saa 4:36. Sikumpa dakika hiyo, maana watu 7 ni wachache mno kupimia mwendo. Dakika 20 nyingine wangeweza kusogea 5 tu, au 10, kwa sababu mmoja ana fomu kamili na mwingine hana nakala ya kitambulisho. Ukiweza, subiri watoke 15 au 20 kabla hujaamini mwendo wako. Nikamwambia: “Ni kati ya saa moja na saa mbili tangu ulipotuma picha ya kwanza. Mboga zako zitavumilia?” Akasema ameshazifunika gunia bichi.

Alifika dirishani saa 5 kasoro dakika 10. Katikati mtandao ulikatika robo saa nzima, na hakuna aliyetoka nje kusema chochote. Watu wakabaki wakikisia. Hili ndilo linaloniuma nikilinganisha na huku. Kioo cha duka la dawa hakina hesabu bora kuliko ya mdogo wangu, na hata chenyewe hupotosha pale namba za A na za B zinapogombea dirisha moja. Tofauti ni kwamba mtu anapewa takwimu za kuamulia. Karani anajua amehudumia wangapi tangu asubuhi. Kipande cha boksi na kalamu ya wino mzito vinatosha kuandika: “Saa iliyopita tumehudumia 21. Mtandao umekatika saa 3:50.” Mama mwenye genge angeamua mwenyewe kama abaki au aende.

Sasa mdogo wangu akinitumia picha ya foleni hutuma mbili: moja ya dirisha, nyingine ya mwarobaini.