"Mzee ndiye aliyetangulia": umri hauamui mirathi

Kuna kauli inayoniudhi kila inaposikika kwenye vikao vya matanga hapa Ujiji. Baba na mwanawe wamekufa kwenye ajali moja ya gari, hakuna ajuaye nani alikata roho kwanza, na mtu mzima anasema: "Tuhesabu mzee ndiye aliyetangulia." Kwa dalili gani? Kwa Sunni walio wengi, na Washafii wetu wamo, ikiwa haijulikani nani alitangulia, wawili hao hawarithiani. Kila mmoja anarithiwa na walio hai tu. Hivyo ndivyo alivyohukumu sahaba Zaid bin Thabit kwa waliouawa kwenye vita vya Yamama.

Tazama kinachoamuliwa hapo. Baada ya mazishi na madeni, mzee ameacha shilingi milioni 24. Mkewe alishafariki. Ana wana wawili: mmoja yuko hai, mwingine amekufa naye, akiacha mke, mtoto wa kiume na wa kike. Kama haijulikani nani alitangulia, milioni 24 zote ni za mwana aliye hai. Wajukuu wamezuiwa na ami yao, na mkwe si mrithi wa mzee.

Lakini kama yule mwana alimzidi baba yake hata kwa saa moja, alikwisha kurithi milioni 12 kabla ya kufa. Hizo zinashuka kwa watu wake: mke thumuni, milioni 1.5; mtoto wa kiume milioni 7; wa kike milioni 3.5. Saa moja tu imewapa mayatima haki yao!

Ndiyo maana nasema tafuteni saa, msibuni. Cheti chenye tarehe peke yake hakisaidii kitu kwa waliokufa siku moja. Kaulizeni hospitali: nani alifikishwa akiwa maiti, nani alipokelewa akipumua, na faili limeandika saa ngapi? Waliowatoa kwenye gari waitwe wangali wanakumbuka, waende kusema hayo mahakama ya mwanzo. Akithibitika mmoja alipokelewa hai na mwenzake alikuwa maiti tayari, kutojua kumeondoka.

Nakubali, kanuni hii haiwaumizi mayatima kila upande. Kama mwana ndiye aliyekufa kwanza, baba angechukua sudusi, yaani sehemu moja ya sita, ya mali ya mwanawe, na sudusi hiyo ingeishia kwa ami. Isipojulikana, duka na pikipiki vya marehemu vinabaki vyote kwa mkewe na watoto wake.

Kwa mume na mke ni vivyo hivyo, ila mahari ambayo mume hakuilipa ni deni. Inatolewa kwenye mali yake kabla ya mgawo na kwenda kwa warithi wa mke, hata kama wamekufa pamoja.

Na wewe babu uliye hai, wajukuu waliozuiwa si warithi wako, kwa hiyo unaweza kuwausia mpaka theluthi ya mali yako. Iandike mbele ya mashahidi sasa, kabla hujapanda gari la Kasulu.