Hongera Madamu, Umetoka Shimoni

Kabla hamjamaliza kucheka ile hadithi ya jamaa anayeleta maji ya ofisini, kuhusu simu niliyompigia mteja wangu kumpongeza, nisikilizeni na mimi. Ni kweli nilisema "shimo". Kwamba nililia, hapo ameongeza chumvi.

Mnajua nauza wino wa printa, Industrial Area nimeikanyaga yote. Mteja akihama kazi, LinkedIn inaniambia, nami natuma pongezi: mistari miwili, bila bei. Mtu mgeni kazini haagizi hata stepla, na mimi mwenyewe lazima nisajiliwe upya kule, na PIN ya KRA na cheti cha kodi. Lakini wino ukiisha, anamkumbuka aliyempongeza. Tena kile kiti alichoacha kinakaliwa na mwingine, huyo naye unamsalimia. Hesabu yangu hiyo. Nimeifundisha hadi vijana wa kazini, wacheni kucheka.

Jumatatu, niko kwenye matatu, arifa ikaingia: mpongeze madamu wa ununuzi kwa kazi mpya. Mteja wangu wa miaka minne! Sikufungua. Ningefungua ningeona mahali pa jina la kampuni pameandikwa "Kujitegemea", na kwamba kazi ya zamani iliisha mwezi huu huu ambao hii mpya imeanza. Mwenye macho angejua huyo hajahama, amehamishwa. Mimi nikapiga simu. Simu, jamani, badala ya ile mistari miwili.

Ikashikwa. Nikasikia mwangwi, kama mtu yuko kwenye chumba kitupu. Nikadhani ni ofisi mpya, bado haijapata fanicha.

"Hongera madamu!" Matatu nzima ikageuka. "Hatimaye umetoka kwenye lile shimo!"

Kimya. Nikakichukua kile kimya kuwa ni furaha.

"Hao watu walipe kwanza madeni yao! Invoisi tatu zangu zimekaa tangu Machi, yule bosi anajificha chooni akiniona!"

Nikasikia kitu kikianguka. Sasa najua kilikuwa kikombe chake cha chai. Alikuwa akipanga vitu vyake kwenye katoni, mikono imejaa, akaniweka kwenye spika. Walikuwa wamempunguza kazi Ijumaa. Pembeni yake wenzake wa kumuaga, jamaa wa maji na mtungi wake begani, na mlangoni bosi mwenyewe, aliyekuja kuchukua funguo.

Halafu ile sauti nzito, taratibu: "Kumbe ni shimo?"

Nilishuka Bunyala, na kituo changu hakikuwa pale.

Nimeomba msamaha, nimepuuzwa, invoisi bado ni tatu. Mtu mpya wa ununuzi ameanza leo, na sina uso wa kumsalimia.

Jana usiku madamu akanitumia ujumbe: "Mshauri wa Kujitegemea anauliza bei ya printa moja ndogo. Ya nyumbani. Na usinipigie."