Ukiambiwa ubadili bei tatu kwenye menyu, futa zote

"Kaka, ni bei tatu tu, dakika mbili hizo." Ujumbe wa namna hii huja na picha ya menyu iliyokwishapita WhatsApp mara kadhaa. Faili la awali analo kijana aliyebadili namba ya simu, na nyuma ya maandishi kuna kitenge. Kama nyuma kungekuwa na rangi moja, dakika mbili zingetosha kweli.

Ya karibuni ilikuwa ya mama mmoja mwenye mgahawa: wali nyama kutoka 3,500 iwe 4,000, chipsi mayai 3,000 iwe 3,500, ugali samaki 6,000 iwe 7,000. Kitenge chenyewe ni kile cha maduara kama santuri, na bei zimekaa juu ya maduara kwa rangi nyeupe yenye kivuli cheusi.

Wengi wetu hapo hushika Healing Brush na kufuta tarakimu moja moja. Brashi hiyo hulainisha rangi kufuata kinachoizunguka, kwa hiyo ikikaribia sifuri ambayo bado haijafutwa, inavuta weusi wa kivuli chake na kuacha doa kama la moshi. Clone Stamp, inayonakili kipande cha mahali pengine kama kilivyo, haileti moshi, lakini ukikadiria kwa jicho, mistari ya duara haikutani. Mteja hajasomea usanifu, ila duara lililovunjika analiona mara moja.

Mimi naona kitenge kisiogopwe, kwa sababu kinajirudia. Kila kipande kilichofunikwa na bei kipo kizima mahali pengine kwenye picha hiyohiyo. Kazi ni kujua kipo umbali gani. Kwenye picha ya mama (upana pikseli 1,131, urefu 1,600) nilipima kutoka kitovu cha santuri moja hadi ya jirani nikapata 148. Mstari wa juu yake umesogea nusu hatua, yaani pikseli 74 kulia na 130 juu. Mistari ya bei imeachana kwa pikseli 52, kwa hiyo kupanda 130 ni kupanda mistari miwili na nusu ya bei: unaangukia katikati ya mistari miwili, kwenye kitambaa kitupu. Hiyo ilikuwa bahati. Ingeangukia juu ya bei nyingine, ningejaribu kusogea hatua nzima pembeni, pikseli 148 kulia au kushoto, penye kitambaa kitupu.

Basi nikanakili picha nzima kwa Ctrl+J kwenye Photopea, nikasogeza nakala 74 kushoto na 130 chini, kisha nikaiweka Difference, hali inayoonyesha tofauti tu kati ya nakala na picha iliyo chini yake. Palipolingana panakuwa peusi. Vumbi la kijivu lisikusumbue, ni uchakavu wa JPEG. Ila ukiona mistari myembamba inayochora maduara, umekosea pikseli moja au mbili. Sogeza kwa mishale ya kibodi mpaka ipotee. Na weusi ukififia taratibu kuelekea pembeni, ujue aliyetengeneza alitia giza kwenye kona, nakala yako itahitaji kurekebishwa mwanga kwa Curves. Baada ya hapo nikarudisha Normal, nikaifunika nakala yote kwa kinyago cheusi, nikapaka nyeupe juu ya bei tu, pamoja na kivuli chake na pikseli tatu hivi za ziada, maana JPEG huacha ukungu kuzunguka herufi. Bei za juu kabisa, ambazo juu yake kuna jina la mgahawa, nilizifuta kwa nakala nyingine iliyosogezwa kinyume.

Hapa ndipo nabishana na wenzangu. Wao hufuta bei tatu. Mimi nafuta safu nzima, hata chai ya 500 ambayo haijabadilika. Fonti utakayochagua itafanana na ya zamani, haitakuwa ileile, na tarakimu zako zitakuwa kali kati ya zilizofubaa. 4,000 mpya ikikaa chini ya 2,500 ya zamani, mlaji anaona kabisa ni nini kimepandishwa. Zote zikiandikwa upya hakuna cha kulinganisha nacho, labda majina ya vyakula, na hayo huyapatanisha Gaussian Blur ya 0.4 juu ya bei.

Ujanja huu una mpaka wake. Menyu iliyopigwa picha kwa simu ikiwa imebandikwa ukutani, umbali wa marudio hubadilika kutoka juu kwenda chini, na mbao au marumaru hazijirudii. Hizo mimi sifuti, naitengeneza menyu upya.

Mama alinuna kidogo nilipomtajia bei ya kazi. Nikamtumia picha kama dokumenti, siyo kama picha, isibanwe tena, nami nikabaki na faili la PSD lenye kitenge kitupu chini na bei juu kama maandishi. Wiki tatu baadaye akaandika: chai sasa 700. Hiyo sikumtoza.