Ukiuliza "unanawa kwa sabuni?" umeshajijibu mwenyewe

Kuna maswali ambayo kila mtu anajua jibu zuri ni lipi. Unanawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni? Ndiyo. Mtoto analala kwenye chandarua? Ndiyo, kila siku. Na anayeuliza mara nyingi kavaa fulana ya mradi wa afya, au ndiye yule yule aliyekuja wiki mbili nyuma kuhamasisha, sasa hapo unategemea mtu aseme hapana kwa ujasiri gani? Wala sio kwamba watu ni waongo, mtu anajibu kile anachoona kinatakiwa, anamheshimu mgeni na anajilindia jina basi.

Ndo maana wapo wanaosema tuache kuuliza moja kwa moja, tuulize kwa kuzunguka. Mimi nakubali nusu tu, nitaeleza kwa nini.

Njia inayosifiwa sana ni ya orodha. Unagawa wahojiwa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza wanasomewa mambo manne ya kawaida, mfano jana nilisikiliza redio, nilipigiwa simu, nilitembelewa na mgeni, nililala mchana. Kundi la pili wanasomewa hayo hayo manne na la tano limeongezwa: jana kuna wakati nilitoka chooni nikaendelea na shughuli bila kunawa kwa sabuni. Mhojiwa hasemi lipi ni kweli kwake, anataja idadi tu, "matatu". Mhojaji hawezi kujua ni matatu yapi, kwa hiyo aibu inapungua.

Hesabu yake nayo ni rahisi. Tuseme kundi la kwanza wastani wao ni 2.10 na la pili ni 2.55, makundi yalichanganywa vizuri kwa hiyo tofauti ya 0.45 imeletwa na lile jambo la tano, maana yake kama asilimia 45 walitoka bila kunawa. Ukiuliza moja kwa moja labda asilimia 10 ndo wangekiri. Hapo ndo watu wanapiga makofi.

Subiri kwanza. Hiyo 45 inayumba sana. Kama kila kundi lina watu 500 na majibu yanatawanyika kwa kiasi cha kawaida, tuseme mkengeuko wa 1, basi jibu lako la kweli linaweza kuwa popote kati ya asilimia 33 na 57. Yaani umehoji watu 1,000 na unarudi kumwambia mkubwa wako "ni kati ya theluthi moja na zaidi ya nusu". Ukitaka uhakika wa pointi 3 juu na 3 chini unahitaji watu kama 17,000. Swali la moja kwa moja kwa watu wale wale 1,000 lingekupa pointi 2 hivi, ila ni uhakika mzuri wa namba mbovu. Unachagua kati ya namba iliyopinda ila imetulia na namba iliyonyooka ila inayumba, na kwa mradi mdogo wenye kaya mia tatu mimi sioni orodha inasaidia nini.

Halafu kuna mtego kwenye kupanga hayo mambo manne, na wengi wanaanguka hapo. Mtu ambaye yote matano ni kweli kwake itabidi aseme "matano", na akisema hivyo siri imeisha, kwa hiyo atasema manne. Ndo maana unaweka mambo ambayo ni vigumu yawe kweli yote kwa siku moja kwa mtu mmoja. Na ukigeuza la tano liwe zuri, "nilinawa kwa sabuni kila nilipotoka chooni", mtego unahamia chini, anayesema sifuri amejitaja kuwa hakunawa. Dalili ya kwamba orodha imeharibika unaiona mapema kwenye majaribio: kama kwenye kundi la mambo manne wengi wanajibu 4, au wengi wanajibu 0, badilisha vipengele kabla hujatoka.

Ila tatizo langu kubwa na orodha sio hesabu, ni kwamba inatibu aibu peke yake. Kunawa mikono ni kitu mtu anafanya bila kufikiri, jana aliingia chooni mara kadhaa, hivi anakumbuka ipi alinawa na ipi alipitiliza? Hata umfiche vipi, asichokumbuka hatakuambia. Wengine wanajaribu kumwacha asimulie siku yake tangu alipoamka bila kumwambia unatafuta nini, halafu unasikiliza kama kunawa kutajitokeza kwenye simulizi. Nzuri, lakini hapo kosa linageuka upande wa pili, kwa sababu mtu aliyenawa kweli anaweza asitaje, kwake ni jambo dogo mno la kusimulia.

"Basi tukae tuwaangalie." Hilo nalo lilipimwa. Bangladesh watafiti walificha vifaa vya kuhisi mtikisiko ndani ya sabuni, wakachapisha matokeo 2010: siku ambayo mtazamaji alikuwepo nyumbani, sabuni ilitikiswa mara nyingi zaidi kwa asilimia 35 hivi kuliko siku za kabla yake. Kwa hiyo hata jicho lina shinikizo lake. Ndo sababu tafiti nyingi kubwa za kaya zimeacha kubishana na mdomo wa mtu, mhojaji anaomba aoneshwe sehemu wanaponawia, anatazama kama pana maji na sabuni. Haikuambii nani amenawa, lakini pasipo na sabuni hata ile "ndiyo kila siku" unajua uipe uzito gani.

Chandarua ni kesi tofauti na hapa ndo nasema ujanja mwingi hauhitajiki. Chandarua kinaonekana, na usiku ni mmoja. Badala ya "huwa mnatumia chandarua?" unaomba uoneshwe vyandarua vyote, unachukua kimoja kimoja unauliza: usiku wa kuamkia leo kuna aliyelala ndani ya hiki? Nani na nani? Unaandika majina kutoka kwenye orodha ya wanakaya. "Huwa" inampa mtu nafasi ya kukupa sifa zake, usiku wa jana unamlazimisha ataje watu na vitu. Kile ambacho bado kiko kwenye mfuko wake wa plastiki kinajisemea. Ukiambiwa watu sita walilala kwenye kimoja, unauliza tena kwa upole.

Bado mtu anaweza kudanganya, sikatai, na anaweza kudanganya kinyume kabisa: akihisi mmekuja kuandikisha watakaopewa vipya, vile alivyonavyo anavificha. Ila kabla hujalaumu aibu angalia kwanza vilivyopo vinatosha nani. Kwa kawaida kimoja kinahesabiwa watu wawili. Kaya ya watu sita yenye viwili inatosha watu wanne, wakilala watatu hiyo ni robo tatu ya nafasi waliyonayo, sio nusu ya kaya "wagumu kubadilika" kama ripoti zingine zinavyopenda kuandika.

Orodha mimi ningeibakiza kwa kazi moja, utafiti mkubwa unaotaka kujua jibu la moja kwa moja limepinda kiasi gani, basi unaiuliza kwa sehemu ya sampuli. Na usitegemee ikuambie kaya ipi ya kutembelea tena, maana inatoa wastani wa kundi na mhojiwa mmoja mmoja hajulikani kasema nini.