Mkiritimba anaposhusha bei bila mpinzani

Kampuni iliyo peke yake sokoni ikiuza kwa bei ya chini, wengi husema inawafungia wapinzani mlango ili itukamue baadaye. Huenda ni kweli. Ila kuna hesabu nyingine inayoleta bei hiyohiyo hata pasipokuwa na mpinzani wa kumwogopa.

Mwaka 1936 mhandisi Theodore Wright alionyesha kwamba kila jumla ya ndege zilizokwisha kuundwa inapoongezeka maradufu, saa za kazi kwa kila ndege hupungua kwa takriban asilimia 20. Mafundi huzoea, vifaa hupangwa vizuri zaidi, makosa hupungua. Kwa hiyo kila ndege inayotoka leo hupunguza gharama ya zijazo.

Tuchukue kiwanda chenye misimu miwili. Kila msimu, bei ikiwa 100 hakiuzi kitu, na kila bei ikishuka kwa shilingi moja huuza kifaa kimoja zaidi. Gharama ya kifaa ni 40 msimu wa kwanza. Msimu wa pili hupungua kwa nusu shilingi kwa kila kifaa kilichotengenezwa katika ule wa kwanza. Akiangalia msimu mmoja tu, mwenye kiwanda atatoza 70, auze 30 na kupata faida ya 900. Gharama itafika 25, na msimu wa pili utampa kama 1,406. Akitoza 60 tangu mwanzo, atauza 40 na faida itakuwa 800. Ila gharama itashuka hadi 20, na msimu wa pili utamletea 1,600. Amepoteza 100, amepata zaidi ya 190.

Ninachokipenda hapa ni kwamba bei nzuri kwake ni 60 misimu yote miwili. Tukiweka riba kando, anapanga bei ya leo kana kwamba gharama yake tayari ni 20, ile ya mwisho. Anayemwona anauza kwa bei “isiyoeleweka” anatazama 40 ya kwenye vitabu. Tena 60 bado inazidi hiyo 40, kwa hiyo hauzi kwa hasara.

Wenye shaka nao wana hoja nzito: mgeni atakayeingia msimu wa pili na gharama ya 40 atamkuta mwenyeji yuko kwenye 20. Ukuta umejengwa, hata kama hakuna aliyekusudia kuujenga.

Ujuzi pia hupotea. Kampuni ya Lockheed ilipopunguza kasi ya kuunda ndege zake za TriStar katikati ya miaka ya 1970, gharama kwa kila ndege zilipanda tena. Mradi ukaishia ndege 250, kwa hasara. Kwa hiyo mchunguzi wa ushindani aombe kumbukumbu za saa za kazi kwa kila kifaa. Zisiposhuka kadiri uzalishaji unavyoongezeka, utetezi kwamba bei ni ya chini kwa ajili ya kujifunza kazi hauna mguu, na hapo ndipo barua za kampuni kuhusu wapinzani zinapostahili kusomwa.