Gauni libadilike rangi, mikunjo ibaki ilivyo

Fundi cherehani mmoja mtaani kwetu alinipa picha ya gauni la satini, rangi ya damu ya mzee. Mteja alitaka kuliona kwa kijani cha chupa kabla kitambaa hakijakatwa. Kwenye Photoshop, wengi wangekimbilia Hue/Saturation. Mimi siipendi kwa kazi hii, maana ukizungusha rangi humo, na mwanga unayumba: mkunjo mmoja unapauka, mwingine unazama gizani.

Nilikwenda Image > Mode > Lab Color. Humo mwanga wote umo kwenye chaneli ya Lightness, yaani L, peke yake. Chaneli a inabeba kijani upande mmoja na wekundu upande wa pili. B inabeba bluu na njano. Katikati, kwenye sifuri, hakuna rangi.

Nikachora maski ya gauni, nikafungua Curves, ule mstari wa kubadilisha thamani za chaneli, kwenye a. Paneli ya Info ilisoma L 30, a 40, b 18. Nikaugeuza mstari: ncha ya kijani nikaipeleka 76 upande wa wekundu, ncha ya wekundu nikaishusha hadi 76 upande wa kijani, katikati ukipita palepale kwenye sifuri. a ikawa -24, L ikabaki 30. Kupita kwenye sifuri ndiyo siri ya satini: ule mng'ao mweupe begani hauna rangi, kwa hiyo unabaki mweupe. Ukisogeza mstari mzima badala ya kuugeuza, mng'ao nao unakuwa kijani na satini inageuka plastiki. Kwa kitambaa cheupe, hata hivyo, huna budi kuusogeza, kwa kuwa hakuna rangi ya kugeuza.

Kwa nini sikuipeleka a hadi -40? Kwa mwanga wa 30, kijani kikali hivyo hakimo kwenye RGB ya kawaida, mfumo wa rangi wa skrini. Ukirudisha picha RGB kinakatwa, na hapo ndipo L inapohama kimyakimya. Ndiyo maana nasoma tena Info baada ya kurudi. Namba ikiwa imeondoka 30, nimezidisha. Gauni la njano kuwa bluu iliyokolea ni balaa zaidi: njano kali ina L ya 97 hivi, bluu kali kama 30. Utapata samawati ya mawingu tu.

Kasoro niliyoikuta mwishoni ilikuwa chini ya kidevu. Wekundu wa gauni ulikuwa umeakisi kwenye ngozi, nje ya maski, na gauni la kijani halitupi kivuli chekundu. Nikaupunguza kwa brashi laini.

Nywele ni habari nyingine. Dada mmoja aliniomba nywele zake nyeusi tii ziwe za dhahabu. L yake ilikuwa 10. Hapo a na b zinatoa kahawia isiyoonekana. Dhahabu inadai uinue Lightness yenyewe, na ukiiinua, punje za kamera zilizojificha gizani zinajitokeza kama mchanga. Nilimshauri achague zambarau, ikapita tu kwenye ncha zilizopigwa na jua.