Hadithi ya Poti Ianzie Tumboni

Mjukuu wangu ana miaka miwili na miezi minne, na mama yake alimleta kwangu Tanga akae wiki sita ili tumuachishe nepi. Nilinunua poti ya plastiki Ngamiani, fupi kiasi kwamba akiketi nyayo zake zinakanyaga sakafu sawasawa, na jioni ile ile nikamtungia hadithi ya tembo mdogo aliyeona poti, akaketi, akakojoa, na ukoo mzima ukampigia makofi. Aliipenda mno, akaniomba niirudie mara tatu. Kulipokucha aliketi kwenye poti akiwa na kaptula yake mwilini, akasimama, akajipigia makofi kwa furaha, kisha akatembea hadi mlangoni na kukojoa pale kizingitini.

Mtoto hakukosea hata kidogo, kwa kuwa alitenda kila kilichotajwa katika hadithi na kwa mpangilio ule ule. Kilichokosekana ni yale ambayo mtu mzima huyaruka kwa sababu mwili wake umeshayazoea: kuhisi kibofu kimejaa, kuacha mchezo, kufika kwenye poti, kuvua nguo, kuketi na kusubiri. Naamini kwa dhati kwamba hadithi ya poti kwa mtoto wa umri huu inapaswa kuanzia tumboni, kwenye dalili yenyewe, wala isianzie kwenye chombo. Poti mtoto anaiona kwa macho na ataizoea kwa siku mbili, lakini ile hali ya kubanwa haionekani, haina rangi wala umbo, na bila mtu kuipa jina mtoto anaishtukia tu pale maji yanapokuwa tayari yanamtiririka mguuni.

Kwa hiyo niliitunga upya. Mhusika alibaki kuwa tembo, na kwa sababu nzuri. Watoto wa huku wanasikia habari za tembo wa Saadani, kule kusini mwa Pangani ambako nyika inafika hadi ufukweni, na tembo mchanga ana jambo moja linalofaa sana kwa somo hili: hazaliwi akiujua mkonga wake. Miezi ya mwanzo huutikisa ovyo, huukanyaga, na kunywa maji hunywa kwa mdomo, mpaka polepole misuli inamtii. Mtoto anayejifunza kuzuia mkojo yuko katika kazi ya aina hiyo hiyo. Nilimpa jina la Dodo, kama embe analolijua, na nikamvika kaptula, kwa sababu tembo asiyevaa nguo anairuka hatua ile ile iliyomshinda mjukuu wangu.

Hadithi yenyewe sasa inakwenda hivi:

*Dodo ni tembo mdogo. Dodo anacheza chini ya mwembe.*

*Tumbo la Dodo linasema: kuru, kuru. Dodo anabana miguu. Dodo anaendelea kucheza.*

*Chururu! Kaptula imelowa. Mkonga umelowa. "Mama, maji!"*

*Mama Tembo anasema: "Huo ni mkojo, mwanangu. Twende tukabadilishe." Wanafua kaptula. Wanaianika kambani.*

*Dodo anacheza tena. Tumbo linasema: kuru, kuru. Dodo anaweka embe chini.*

*"Mama, kuru!" Mama anasema: "Twende poti."*

*Kaptula chini. Dodo anaketi. Dodo anasubiri. Mama anasubiri.*

*Chururu! Mkojo umeingia ndani ya poti.*

*Dodo anaosha. Dodo ananawa kwa sabuni. Kaptula juu. Embe liko wapi? Liko pale pale chini ya mwembe.*

Ukurasa ninaoutetea kuliko yote ni ule wa kaptula kulowa. Ndugu yangu mmoja aliniambia niuondoe, kwa hofu kwamba unamfundisha mtoto kujikojolea, lakini mtoto atalowa hata asipousikia, na ni heri alikute jambo hilo kwanza kwa Dodo, mahali ambapo mama hapigi kelele. Tazama pia kwamba neno aibu halimo. Katika nyumba nyingi mtoto akilowa huambiwa "aibu, mtoto mkubwa," naye hajifunzi kuhisi mapema zaidi. Anajifunza kujificha nyuma ya mlango. Kwenye haja kubwa madhara yake ni makubwa zaidi, kwa maana mtoto anayejificha hujizuia, choo kikikaa tumboni kinakauka na kuwa kigumu, siku ya kutoka kinamuumiza, na maumivu hayo yanamfanya ajizuie tena.

Mama Tembo naye hamuulizi mwanawe kama anataka kukojoa. Mtoto wa miaka miwili aliyezama mchezoni ukimuuliza hivyo atakujibu "hapana" huku miguu imebana, kwa kuwa yeye amesikia swali la kuacha embe lake. Ndiyo maana mama anasema tu "Twende poti," na ndiyo maana embe linamngoja palepale mwishoni. Makofi niliyaondoa kabisa. Yalimfanya mjukuu wangu aketi kwa ajili ya makofi, na kila alipoketi bila kitu kutoka alisikitika.

Kuna jambo ambalo hadithi haiwezi kulifanya, nalo ni kuharakisha mwili ambao haujawa tayari. Wengi huwa tayari kati ya miezi kumi na minane na miaka mitatu, na mimi huangalia kama nepi inakaa kavu kwa saa mbili hivi mchana, kama mtoto anaelewa maagizo mafupi, na kama anaweza kushusha kaptula mwenyewe. Ukavu wa usiku huja baadaye, pengine miaka baadaye, hivyo sikuuingiza kabisa katika hadithi ya Dodo. Vilevile, ukimwona mtoto anasimama kwa vidole vya miguu, anakaza makalio, anajificha kona moja kila siku, na choo kinatoka kigumu tena kwa nadra, weka hadithi na poti kando kwa muda, mpe maji na mapapai, na hali isipobadilika mpeleke kwa mganga wa kituo cha afya. Hapo tatizo ni maumivu, na hakuna tembo wa kuyaondoa.

Poti yenyewe niliihamisha pia. Choo chetu kiko nyuma ya ua, ni cha shimo, kina giza, na kwa kimo cha mjukuu wangu tundu lile ni pana la kutisha. Kutoka dalili ya kwanza hadi mkojo kutoka, yeye ana muda mfupi mno wa kuvuka ua mzima. Sasa poti inakaa barazani, hatua kama kumi kutoka anapochezea, kando yake kata ya maji na sabuni, na baada ya uji wa asubuhi, ambapo utumbo huamka wenyewe kwa sababu ya chakula, tunaketi hapo dakika tatu hadi tano tukisoma Dodo. Zikipita bila kitu, tunainuka.

Kama hadithi imeingia nilijua kwa kumwachia sentensi nusu. Nilikuwa nikisema "Tumbo la Dodo linasema," kisha nanyamaza. Siku nne za mwanzo alirukia moja kwa moja "chururu." Siku ya tano alisema "kuru," akajishika chini ya kitovu.

Juzi alasiri alikuja mbio kutoka uani, mkono mmoja umeshika kaptula na mwingine kigari cha kopo. "Bibi, kuru!" Nikamwambia, "Twende poti." Akaweka kigari chini, akahangaika na kaptula, akaketi. Nusu ya mkojo ilikuwa imekwisha ingia kwenye kitambaa na nusu ikaingia ndani ya poti, chururu yake akaisikia mwenyewe na kunyamaza akiisikiliza. Tukaosha, tukafua kaptula, tukaianika kambani, naye akarudi uani kukitafuta kigari chake.